Viatu kwa watu wazima wenye miguu midogo sana au mikubwa sana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikipima miguu ya watu na kuwatafutia viatu kwa miaka mingi, na wanaorudi mara nyingi zaidi ni wale ambao namba zao hazipo rafuni: mwanamke wa namba 33, mwanamume wa 37, mwanamke wa 43, mwanamume wa 49. Wengi huja wakiwa na swali moja, hata kama wanaliuliza kwa njia tofauti: je, naweza kuvaa kiatu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi? Jibu hutegemea mambo mawili, mahali kiatu kinapopindia na uzito kilichotengenezwa kubeba. Mengi ya majibu yaliyo hapa chini yanarudi kwenye hayo mawili.

## Mwanzo: kujua namba yako

1. Nitajuaje kama mguu wangu kweli ni mdogo sana au mkubwa sana?

Pima mguu kwanza, kwa sababu namba uliyozoea kununua inaweza kuwa imekudanganya kwa miaka. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta na uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kidole hicho si gumba, ni cha pili. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na upime miguu yote miwili. Ule mrefu ndio unaoamua.

Mpangilio wa namba za Ulaya unahesabika kwa urahisi. Chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza sentimita 1.5 za nafasi, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 20.6 unakupa 33. Mguu wa sentimita 27 unakupa 43. Viwanda hutofautiana katika nafasi wanayoacha, kwa hiyo ichukue hesabu hii kama mahali pa kuanzia, na utegemee kupanda au kushuka namba moja.

Aina nyingi za viatu vya wanawake huanza 35 au 36 na kuishia 41 au 42, na za wanaume huanza 39 au 40 na kuishia 46 au 47. Ukiwa nje ya hapo, ukurasa huu ni wako.

2. Kwa nini viwanda havitengenezi namba zetu?

Kila namba inahitaji jozi yake ya kalibu, yaani ule mguu wa plastiki au mbao ambao kiatu hushonwa juu yake, na kwa viatu vingi vya soli ya kumimina inahitaji pia umbo lake la chuma la kumiminia soli. Gharama ya umbo hilo ni karibu ileile, liwe limetoa jozi elfu kumi au jozi mia moja.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu zaidi. Mchoraji huunda kiatu kwa namba ya katikati, tuseme 37 ya kike au 42 ya kiume, halafu namba nyingine hupatikana kwa kuongeza au kupunguza vipimo kwa hatua zilezile. Karibu na katikati, hatua hizo zinafanya kazi vizuri. Ukifika mwisho wa mpangilio, kosa dogo limejirudia mara kadhaa. Ndiyo maana hata ukipata namba yako, kiatu kinaweza kuwa na urefu sahihi na bado kikakaa vibaya. Usidhani mguu wako ndio wenye kasoro.

3. Namba 33 ya watoto na namba 33 ya watu wazima ni urefu mmoja?

Katika mpangilio wa Ulaya, ndiyo, kwa sababu namba huenda mfululizo kuanzia mtoto mchanga hadi mtu mzima. Kinachotofautiana ni umbo na ujenzi, si urefu.

Mpangilio wa Uingereza ndio unaowachanganya watu. Namba za watoto hufika 13, kisha hesabu huanza upya kwa 1. Kwa hiyo `UK 1` ni kubwa kuliko `UK 13` ya mtoto, na inakaribia `EU 33`. Kwa mpangilio wa Marekani, namba za vijana huandikwa na herufi `Y` na huendana na za wanaume, huku za wanawake zikiwa juu kwa takriban 1.5. Mwanamke anayevaa 5.5 ya kike ya Marekani hutafuta `4Y`.

## Viatu vya watoto kwa mtu mzima

4. Mimi ni mtu mzima mwenye mguu mdogo. Je, ni sawa kuvaa viatu vya watoto?

Ni sawa kwa baadhi ya viatu, na si sawa kwa vingine. Hakuna aibu wala madhara ya moja kwa moja katika kuvaa kiatu kilichotoka rafu ya watoto. Tatizo linalowezekana ni uzito. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 20.6 kwa kawaida ana miaka minane au tisa, na uzito wake ni karibu nusu ya wa mtu mzima. Sponji ya soli ilichaguliwa kwa uzito huo, na pia kwa muda mfupi wa matumizi, maana mtoto huacha kiatu kwa sababu mguu umekua kabla soli haijachoka.

Halafu kuna umbo. Kiatu cha mtoto huwa kipana mbele na chenye upinde wa wayo ulio chini. Mtu mzima mwenye mguu mdogo mara nyingi ana mgongo wa mguu ulioinuka zaidi, na kifundo kinene zaidi. Kwa hiyo malalamiko ninayosikia ni haya: vidole vina nafasi, lakini kamba hazifiki; au buti linaingia vizuri lakini zipu haipiti kwenye shavu la mguu.

Sandali, raba za kutembelea, viatu vya ngozi vya kufunga kamba na viatu vya mvua vya watoto vinaweza kukufaa kabisa vikipita kipimo cha swali la 5. Viatu vya kukimbilia masafa, vya kubebea mizigo na vya kazini vyenye kinga ni habari nyingine. Tazama swali la 7 na la 13.

5. Nikiwa dukani, nitajuaje kama kiatu hiki cha mtoto kitanibeba?

Kipime kwa mikono kabla ya kukivaa. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kisha kisukume kama unayetaka kukikunja. Angalia mkunjo unatokea wapi. Unatakiwa utokee pale penye kiungo cha kidole gumba, karibu robo tatu ya urefu ukianzia kisigino, mahali ambapo mguu wenyewe unapinda. Kiatu kikikunjika katikati, chini ya upinde, hakina ubapa mgumu ndani ya soli, na chini ya uzito wa mtu mzima upinde wako ndio utafanya kazi ya ubapa huo. Hilo huonekana baada ya siku chache kama maumivu chini ya wayo.

Pili, bana nyuma ya kisigino kwa vidole viwili. Ukuta wa nyuma ukilala kama kitambaa, kisigino chako kitayumba. Ukigoma, vizuri.

Tatu, bonyeza sponji kwa dole gumba kwa nguvu, upande wa kisigino. Ikizama mpaka unahisi sakafu, iache.

Baada ya hapo toa soli ya ndani, kama inatoka, na usimame juu yake. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya milimita 10 hadi 12. Kiungo cha kidole gumba kikae kwenye sehemu pana zaidi ya soli, na nyama ya mguu isimwagike pembeni. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu soli ya ndani haifichwi na ngozi wala mapambo.

6. Unaweza kutoa mfano halisi?

Mteja mmoja alikuja na mguu wa kulia wa sentimita 20.6 na wa kushoto wa 20.3, uzito wa kilo 58, kazi yake ya kusimama darasani. Kutoka kisigino hadi kiungo cha gumba alikuwa na sentimita 15. Alikuwa amezoea kununua viatu vya kike namba 35 na kujaza pamba mbele. Nilimwonyesha mkunjo wa kiatu chake cha zamani: ulikuwa mbele ya kiungo chake kwa zaidi ya nusu sentimita, na mguu wake uliteleza mbele kila hatua ukiutafuta. Kucha za gumba zote mbili zilikuwa nyeusi. Alidhani viatu vinambana, kumbe vilikuwa vinampwaya.

Tulijaribu jozi tatu za watoto namba 33. Ya kwanza, raba nyepesi ya kitambaa, ilikunjika katikati kama gazeti. Ya pili, kiatu cha shule cha ngozi chenye kamba, kilipinda mahali pake na kisigino kilikuwa kigumu, ila ulimi ulikuwa mfupi na mgongo wa mguu wake ukabanwa. Ya tatu ilikuwa kama ya pili lakini yenye matundu matano ya kamba badala ya matatu, hivyo ilifunguka zaidi. Hiyo ndiyo aliyoichukua. Tuliondoa soli ya ndani, iliyokuwa kipande chembamba cha sponji, tukaweka nyingine nzito zaidi yenye unene uleule, na kwa mguu wa kushoto tukaongeza kipande chembamba chini ya ulimi.

Baada ya miezi mitano alirudi. Soli ilikuwa imelala upande wa nje wa kisigino, jambo ambalo kwa kiatu cha mtu mzima ningelitarajia mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo tulikubaliana awe na jozi mbili za kupokezana. Kucha zilikuwa zimeshaota mpya.

7. Vipi kuhusu raba za michezo? Zinafanana kabisa na za wakubwa.

Zinafanana kwa nje. Toleo la watoto la raba yenye jina lilelile mara nyingi huwa na sponji ya aina nyingine, na vifaa vya ndani vilivyopunguzwa. Kwa kutembea na kwa mazoezi mepesi, pima kama swali la 5. Kwa kukimbia mara kwa mara, ambako kila hatua hutua na nguvu inayozidi uzito wako mara mbili, ningekushauri utafute toleo la watu wazima hata kama ni lazima uagize. Ukiamua kutumia la watoto, angalia pembeni mwa sponji kila wiki: mistari ya mikunjo isiyofutika hata kiatu kikilala usiku kucha ni dalili kwamba imekwisha.

8. Nafanyaje kuhusu viatu vya heshima na vya mchuchumio?

Hapa rafu ya watoto husaidia kidogo sana, na wengi huishia kwa fundi. Lakini hata fundi anahitaji kuambiwa jambo moja: kisigino kirefu hakipimwi peke yake, kinapimwa dhidi ya urefu wa mguu. Kisigino cha sentimita 9 kwenye mguu wa sentimita 25 kinaweka mteremko wa takriban nyuzi 30. Kisigino hichohicho kwenye mguu wa sentimita 20.6 kinaweka nyuzi 37 hivi, na uzito wote unahamia kwenye vidole. Mwenye mguu mdogo akitaka hali ileile, aombe sentimita 7.5. Anayelalamika kwamba yeye hawezi kuvaa viatu virefu kama wenzake, pengine amekuwa akivaa virefu zaidi yao bila kujua.

## Miguu mikubwa

9. Mimi ni mwanamke wa namba 43. Je, nivae viatu vya kiume?

Unaweza, na kwa raba, sandali na buti za kamba ni njia nzuri. Tofauti utakayoihisi ni kisigino. Kalibu ya kike huwa na kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele. Ya kiume ni pana pote. Kwa hiyo mbele kitakaa vizuri na nyuma kitapanda na kushuka. Ukingo wa juu nao unaweza kuwa mrefu kiasi cha kugusa mfupa wa kifundo. Hilo likitokea dukani, usitegemee kwamba kitalegea.

Watu wengi hukimbilia kuweka soli nene ya ndani. Huko ni kuongeza tatizo, maana inainua kisigino na kukitoa kwenye ukuta unaopaswa kukishika. Anza kwa kamba. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo upande uleule kutengeneza kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili na uvute kuelekea chini kabla ya kufunga. Kisigino kinarudi nyuma na kukaa. Hilo lisipotosha, bandika kipande cha sponji chini ya ulimi, kinachosukuma mguu nyuma. Soli nene iwe ya mwisho.

Viatu visivyo na kamba vya kiume kwa mwanamke mwenye kisigino chembamba huwa sivishauri kabisa. Hakuna cha kukishikia.

10. Na mwanamume mwenye mguu mdogo, avae vya kike?

Mantiki ni ileile ikigeuzwa. Atakachokosa ni upana wa mbele, kwa hiyo apime mzingo kwenye kiungo cha gumba na asimame juu ya soli ya ndani. Akiwa na mguu mwembamba, raba na buti za kike zisizo na mapambo zitamfaa. Akiwa na mguu mfupi na mpana, viatu vya vijana vya kiume vitamkaa vizuri zaidi kuliko vya kike.

11. Mguu wangu ni mpana. Kwa nini nisinunue tu namba kubwa zaidi?

Kwa sababu upana utaupata, lakini mkunjo utasogea mbele, kama ilivyomtokea mteja wa swali la 6. Kila namba moja ya Ulaya huongeza karibu milimita 6.7 za urefu. Ukipanda namba mbili umeongeza zaidi ya sentimita moja, na kiatu sasa kinapinda mahali ambapo mguu wako haupindi. Tafuta kiatu kilekile katika upana mwingine, au kiatu kinachofunguka hadi karibu na vidole.

12. Fundi anaweza kunyoosha kiatu?

Ngozi halisi hupanuka milimita chache kwa upana, ikilowanishwa na kuwekwa kwenye kalibu ya kunyooshea kwa siku moja au mbili. Urefu haunyooshwi, kwa kuwa soli na ukuta wa kisigino haviendi popote. Ngozi bandia hujirudi au hupasuka. Ukisikia dukani kwamba kiatu kifupi kitaachia chenyewe, weka chini.

## Hali za pekee

13. Kazini nahitaji buti za usalama, na namba yangu haipo. Naweza kuvaa za mtoto au kubwa zaidi na soksi mbili?

Hapana kwa yote mawili. Buti zinazokidhi kiwango cha ISO 20345 zina kikombe kigumu mbele kinachopaswa kustahimili pigo la jouli 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15. Buti la mtoto linalofanana nalo kwa sura halina kinga hiyo. Na buti kubwa mno huweka ukingo wa kikombe mahali pasipo pake, juu ya vidole vinapopinda, mbali na kukufanya ujikwae kwenye ngazi. Mpe mwajiri vipimo vyako vya urefu na upana kwa milimita kwa maandishi, ili aagize. Wapo wanaotengeneza za kike kuanzia 35, na za kiume kupita 50.

14. Mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine kwa namba nzima au zaidi.

Nunua kwa mguu mkubwa, kisha kijaze kiatu cha mguu mdogo chini ya ulimi kabla ya kujaza kwingine. Tofauti ikizidi namba moja na nusu, kujaza hakutoshi, na njia iliyobaki ni jozi mbili au fundi. Ukienda kwa fundi, hakikisha anachora kila mguu peke yake, kalamu ikiwa wima, na anachukua mzingo sehemu tatu: kwenye viungo vya vidole, katikati ya mgongo wa mguu, na kutoka kisigino kuzunguka mbele ya kifundo. Fundi anayepima urefu tu atakupa kiatu cha dukani kwa bei ya fundi.

15. Nina kisukari na sihisi vizuri kwenye nyayo. Majibu ya hapo juu yananihusu?

Usijaribu viatu vya watoto wala vya jinsia nyingine kwa kubahatisha. Vipimo vingi vya hapo juu vinategemea wewe kuhisi kubanwa, na kidonda kinaweza kuanza bila maumivu. Chaguo la kiatu lipitie kwa anayekutibu. Na kila usiku, vua soksi uangalie nyayo na katikati ya vidole kwa kioo, au uombe mtu wa nyumbani akuangalizie.

16. Namba yangu imepanda nikiwa tayari mtu mzima. Inawezekana?

Inawezekana. Kwa miaka, upinde hushuka na mguu hurefuka kidogo, na baadhi ya wanawake hubaki na mguu mrefu zaidi baada ya ujauzito. Pima upya kila mwaka au miwili badala ya kuamini namba ya zamani.

Lakini viatu vikiendelea kubana mwaka baada ya mwaka, na pete nazo hazipiti tena kidoleni, au taya na sura vinabadilika ukilinganisha na picha za zamani, nenda hospitali ukawaambie mambo hayo yote kwa pamoja. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikitoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, mikono na miguu ya mtu mzima huongezeka ukubwa polepole, na hali hiyo huanza kuchunguzwa kwa kipimo cha damu.